Kijiko cha Kwanza cha Mtoto, na Dalili za Mzio

Mwanangu katimiza miezi sita. Nianze na uji mwepesi wa chupa? (Mama, Shela)

La, dada. Uji unaopita kwenye chuchu ya chupa ni maji tu, humjaza tumbo bila kumlisha. Mpikie mzito, unaokaa kwenye kijiko bila kumwagika, au umpondee boga kwa tui kidogo. Vijiko viwili vitatu vya mezani, mara mbili au tatu kwa siku, na ziwa uendelee kumpa kama kawaida. Chakula kipya kiwe kimoja, tena asubuhi, upate saa za kumtazama.

Nyanya yake asema samaki na njugu visubiri mwaka. (Mama, Lamu mjini)

Zamani hata kliniki zilisema hivyo. Kuchelewesha hakuzuii mzio. Njugu mpe ikiwa imesagwa laini sana na kukorogwa ndani ya uji, kamwe isiwe nzima, itamkaba. Kama ana ukurutu mkali wa ngozi, mwone daktari kwanza. Cha kusubiri mwaka ni asali.

Jana nilimpa yai la kuchemsha mara ya kwanza. Dakika kumi baadaye alitoka mabaka ya kuvimba mgongoni, jicho likafura, akatapika. Adhuhuri alikuwa mzima. Nimjaribishe tena? (Baba, Malindi)

Usimpe, baba, wala keki yenye yai, mpaka daktari amwone. Nyanya au ndimu huweza kumwachia mtoto wekundu kuzunguka mdomo, pale ilipogusa tu, ukapotea. Wa kwako katoka mabaka mgongoni, mahali ambapo yai halikufika, tena upesi. Huo ni mzio, na ngozi ikiungana na kutapika, usingoje adhuhuri: hospitali hapo hapo.

Hatari kubwa iko kwenye pumzi. Akikohoa mfululizo, sauti ya kilio ikikwaruza, kifua kikipiga mluzi, ulimi ukifura, au akilegea na kupauka, anahitaji sindano ya adrenalini pajani. Dawa ya maji ya kuzuia muwasho haifungui koo. Mlaze chali, usimbebe wima begani. Akihema kwa shida mwache akae. Usimtapishe. Hata akipata nafuu, abaki hospitali kwa saa kadhaa, kwani dalili huweza kurudi. Walio Pate wapige simu kutafuta boti mara moja, wasisubiri kuona kama itapoa.

Andika saa aliyokula, kiasi, na upige picha ya mabaka. Daktari atavitaka.

Tulikula jodari, mtoto na mimi sote tukawa wekundu usoni. Amerithi mzio wangu? (Mama, Malindi)

Ulikuwa ukimla jodari bila shida? Basi namshuku samaki mwenyewe. Jodari akikaa bila barafu hutengeneza histamini, kemikali inayoleta wekundu kama wa mzio, na moto hauiondoi. Hata hivyo mpelekeni mtoto kliniki, na mseme kwamba mliugua pamoja.