Mwanga wa machweo kwenye kingo za picha iliyokatwa

"Bibi harusi nimemkata studio nikamweka ufukweni machweo, mbona anaonekana kabandikwa? Mwenzangu kanipendekezea Inner Glow."

Kingo zake bado zina mwanga wa studio. Katika Photoshop, fungua leya mpya juu yake, ifunge kwa Create Clipping Mask, iweke kwenye blending mode ya Screen, kisha chukua rangi ya machungwa kutoka anga hilohilo na uipake kwa brashi laini, nusu ya brashi ikiwa nje ya mwili, upande unaoelekea jua pekee. Aliyependekeza Inner Glow amepatia nusu, kwa kuwa hiyo huzungusha mwanga pande zote, ilhali jua liko upande mmoja. Hata hivyo, ninavyoona kila wiki katika picha za harusi, shela nyeupe haibadiliki kwa Screen kwa sababu tayari imejaa mwanga. Hapo tumia Multiply, hafifu.