Hb ya babangu iko chini na hana uchungu

"Babangu ana miaka 63, Hb 7.9, feritini 6, choo iko kawaida. Wamempea tembe za kuongeza damu tu, si hiyo inatosha?"

Haitoshi dadangu. Mwanaume haoni hedhi, feritini, yaani akiba ya madini ya chuma mwilini, ikiwa 6 kwake mara nyingi ni damu inavuja mahali, na pa kwanza kutafuta ni tumbo na utumbo hata kama hasikii uchungu. Mwili hufyonza kama miligramu 1 au 2 za madini ya chuma kwa siku, na kila mililita ya damu ina karibu nusu miligramu ya chuma, sasa akivuja kijiko kimoja cha chai kila siku anaisha polepole na choo haitabadilika rangi. Uvimbe wa utumbo mpana upande wa kulia huvuja hivyo tu, kimyakimya.

Kuna mtu amesema ale managu na bitiruti, mboga ni sawa lakini haizibi mahali panapovuja. Aliyesema ni minyoo ako nusu sawa, minyoo ya safura hunyonya damu kweli, apimwe, ila wakiiona kwa umri huo wasiishie hapo. Na mama aliyeuliza kuhusu Hb ya ujauzito, hiyo ni kesi ingine, lakini mama aliyeacha hedhi ahesabiwe kama huyu mzee.

Aulizwe dawa za maumivu anazomeza, diklofenaki huleta vidonda vya tumbo bila dalili. Halafu mwombe daktari endoskopi, ile kamera ya kuangalia tumbo kupitia mdomo, na kolonoskopi, kamera ya kuangalia utumbo mpana. Tembe aendelee nazo, asimamishe kama wiki moja kabla ya kolonoskopi juu zinafanya choo nyeusi, na Hb ikipanda msikubali vipimo viahirishwe.