Kobe Mmoja Ajaze Karatasi

Kobe wa kwanza niliyewachorea watoto wa chekechea alinipendeza mimi peke yangu. Nilimchora akionekana kutoka juu, vipande vyote 13 vikubwa vya gamba lake vikiwa na vimistari ndani, na majani yamemzunguka. Watoto wa miaka 3 na 4 wakapaka kijani juu ya kila kitu, kobe na majani pamoja. Mmoja akaniuliza, "Mwalimu, kobe yuko wapi?"

Swali lile ndilo lililonifundisha. Siku hizi kobe namchora kwa ubavu, maana hapo kichwa, miguu na mgongo wake wa mviringo huonekana mara moja. Nailaza karatasi ya A4, naacha kama sentimita 2 kila upande, kwa sababu mashine nyingi za fotokopi hazichapi hadi ukingoni, kisha mnyama anaijaza nafasi yote iliyobaki. Majani nimeyaacha. Chini yake napiga mstari mmoja wa ardhi, basi.

Kazi kubwa iko kwenye gamba. Vipande 13 navigeuza vitano, na kila kimoja nakipima kwa kidole gumba changu: kidole kisipoenea ndani ya nafasi, nafasi hiyo ni ndogo mno. Krayoni ikishachakaa ncha huwa butu, na mtoto wa umri huo husogeza mkono mzima kuanzia begani, si vidole peke yake. Ndiyo maana hata mkia naunenepesha na miguu naifanya kama magogo. Vidole vya miguu sichori kabisa.

Naanza kwa penseli, nikiigusa karatasi kidogo tu. Nikiridhika napita na makapeni nyeusi yenye ncha nene. Mstari wa nje naupa unene wa milimita 4 hivi, na mistari inayogawa gamba naipa milimita 2 au 3, ili jicho la mtoto limtambue kobe kwanza, vipande baadaye. Mstari mnene pia humsamehe mtoto, kwani krayoni ikiteleza kidogo huishia ndani ya weusi. Wino ukauke kabisa kabla ya kufuta penseli, la sivyo raba itautandaza na karatasi ichafuke.

Kabla ya kutoa kopi, naufuata kila mstari kwa kidole nikitafuta mahali palipoachana. Mara nyingi ni pale shingo inapoingia kwenye gamba. Mwanya ukibaki hapo, mtoto haoni shingo inaishia wapi, na rangi ya kichwa humwagikia mgongoni. Halafu natoa kopi moja tu, naisimamisha ukutani na kurudi nyuma hatua nne. Mstari uliofifia nauongezea wino kwenye mchoro wa awali, ndipo natoa za darasa zima.