Chapati za saa nne usiku

"Mama, nikiwa peke yangu hapa Migosi usiku, najikuta nimemaliza chapati zote na bia mbili juu, na wala sikuwa na njaa. Nifanyeje?"

Mwanangu,

Anza na mchana. Ukishindia chai na mandazi, saa nne usiku njaa na upweke huja pamoja na huwezi kuvitenganisha. Kula chamcha, hata kama ni githeri ya kibandani, kisha chajio kabla ya saa mbili: ugali, omena na sukuma wiki, simu ikiwa mbali. Na ukila kupita kiasi leo, kesho usijiadhibu kwa kufunga. Wengi huharibikiwa hapo, maana njaa ya kutwa hulipwa usiku.

Hamu ikija, jiulize kama ungekula viazi vya kuchemsha visivyo na kitu. Ukiona ungevila, hiyo ni njaa, kula. Ukitaka chapati tu, subiri dakika 20. Hamu hupanda kisha hushuka yenyewe, mara nyingi kabla ya nusu saa. Wakati unasubiri, tia miguu kwenye beseni la maji ya vuguvugu. Damu hushuka miguuni, joto la ndani ya mwili hupungua kidogo, na usingizi huja upesi. Dakika zikiisha na bado unaitaka, weka chapati moja kwenye sahani, funga hotpoti, ule umekaa. Hakuna dhambi hapo.

Lakini beseni halizungumzi nawe. Panga simu na dada yako saa tatu na nusu, Jumanne na Alhamisi, kabla hamu haijafika, kwa sababu ikishafika hutapiga. Siku nyingine mtumie ujumbe wa sauti. Kupekua picha za harusi za watu hakuhesabiki. Huko upweke huongezeka.

Bia ina hesabu yake. Chupa ya mililita 500 yenye asilimia 4 ina mililita 20 za pombe, na mwili huchukua takriban saa mbili kuiondoa. Mbili za saa nne humalizika karibu saa nane usiku. Pombe iliyokulaza ikitoka, usingizi hukatika: unaamka moyo ukidunda, na nyumba inaonekana tupu kuliko ulipolala. Kwa hiyo usiweke akiba kwenye friji. Kama ni lazima ufunge mlango na uende hadi dukani, mara nyingi hutaenda.

Jambo moja nijibu kwa ukweli. Kama umekuwa ukinywa kila siku, na asubuhi mikono inatetemeka au unatoka jasho mpaka unywe tena, usiache ghafla, maana unaweza kuanguka kama mwenye kifafa. Nenda hospitali kwanza, wakupunguzie kwa dawa. Pia kuna namba ya NACADA, mamlaka ya Kenya inayopambana na ulevi: ni 1192, na kuipiga ni bure. Nipigie kesho jioni uniambie mikono iko vipi.

Mama