Ujumbe wa saa 4:47 usiku kwa bosi: uandikwe vipi ili ujibiwe?

Swali: Nafanya kazi kwenye kampuni ya utalii hapa Arusha, napanga magari na mapokezi ya wageni. Jumatano usiku wakala wetu wa Marekani alinitumia taarifa kuwa ndege ya wageni 4 wa Alhamisi imebadilishwa, wanatua KIA saa 1:30 asubuhi badala ya saa 10:15 jioni. Gari nilipata, ila hoteli inataka dola 45 kwa kila chumba wakiingia mapema, na vyumba ni 2. Mimi sina ruhusa ya kutoa hela hiyo. Nikamwandikia bosi wangu, mama wa makamo, WhatsApp hivi:

> Shikamoo mama (4:47)
> Samahani kwa usumbufu (4:48)
> Mama kuna tatizo la wageni wa kesho naomba unipigie au unijibu haraka (4:52)
> ??? (5:30)

Tiki zikawa za bluu, hakujibu. Asubuhi nikaambiwa nisimtafute usiku kwa mambo ya ofisi. Sasa wageni walikuwa wanatua, ningefanyaje? Ningeandikaje?

Jibu: Kabla ya maneno, tazama saa. Ndege ikitua saa 1:30, wageni wakamaliza viza na mizigo, watatoka nje kwenye saa 2:30 hivi. KIA hadi Arusha ni kama kilomita 50, kwa hiyo hotelini hawafiki kabla ya saa 3:30. Ina maana uamuzi wa vyumba ulihitajika Alhamisi asubuhi. Jambo la usiku ule lilikuwa gari na dereva, na hilo ulikuwa umeshalimaliza mwenyewe. Ujumbe wako ulidai haraka kwa kitu ambacho hakikuwa na haraka ya usiku, wala haukusema kitu chenyewe ni nini.

Hapo ndipo salamu ilipokuponza. Uso kwa uso, “shikamoo” inasubiri “marahaba” kabla ya mazungumzo, na ni adabu. Kwenye simu saa 4:47 usiku, “shikamoo” iliyokaa peke yake inamfanya mtu ajiulize nani amekufa. Dakika moja baadaye inakuja “samahani kwa usumbufu”, simu inalia mara ya pili na bado hajui kitu. Ya tatu inasema “tatizo”, na neno hilo kwa mwenye kampuni ya utalii linaweza kuwa ajali barabarani au mgeni aliyezidiwa mlimani. Zile alama za kuuliza tatu sina haja ya kuzieleza. Simu imelia mara nne, na hadi ya nne hajui anaombwa aamue nini. Wengi wakifika hapo wanaweka simu kifudifudi.

Salamu usiiondoe. Iweke ndani ya ujumbe uleule, kisha sentensi inayoifuata iseme jibu linatakiwa lini. Hayo maneno ya mwanzo ndiyo yanayoonekana kwenye skrini iliyofungwa, kabla hajaufungua ujumbe. Akiyaona anaweza kurudi kulala bila hata kuugusa, na hilo ndilo unalomtakia. Ningeuandika hivi, mara moja, kipande kimoja:

> Shikamoo mama. Hii si ya usiku huu, naomba jibu kesho Alhamisi kabla ya saa 2 asubuhi.
>
> Wageni 4 wa Alhamisi sasa wanatua KIA saa 1:30 asubuhi (tiketi 07:30), siyo saa 10:15 jioni. Ndege imebadilishwa. Gari na dereva tayari, anatoka Arusha saa 12 asubuhi.
>
> Vyumba vyao kwa kawaida vinafunguliwa saa 8 mchana. Naomba uchague:
> A: tulipie waingie mapema, dola 45 × vyumba 2 = dola 90.
> B: mizigo ikae mapokezi, wageni wasubiri bustanini, hakuna malipo.
>
> Napendekeza A kwa sababu watakuwa wamesafiri usiku kucha. Hoteli imetushikia vyumba hadi saa 2. Nisipopata maelekezo tofauti kufikia hapo, nitaendelea na B. Herufi moja inatosha.

Sentensi ya hoteli kushika vyumba hadi saa 2 haiandikwi kwa kubuni. Kabla ya kumwandikia bosi, piga mapokezi ya hoteli, wao wako macho usiku, uwaombe washike vyumba hadi saa hiyo. Ukishapata hilo, saa 2 inakuwa na sababu yake na bosi anaiona. Muda usio na sababu unasomeka kama amri kutoka chini kwenda juu, na mama wa makamo hatauchukulia vizuri. Upande wa pili, “ukipata nafasi” au “hakuna haraka” zinasikika za heshima, lakini zinamwambia aweke kando, naye ataweka kando. Ikifika saa 3 utamlaumu bure.

Sentensi inayohitaji mkono mwepesi kuliko zote ni ile ya “nisipopata maelekezo tofauti”. Watu wengi wanaiandika “usiponijibu nitafanya hivi”, na kwa Kiswahili hiyo ni kama kumtishia mtu. Kosa linawekwa kwake, kwamba hakujibu. Ukisema “nisipopata” unajisemea wewe, na “maelekezo tofauti” yanamwachia neno la mwisho. Maana ya kazi ni ileile.

Sasa angalia ni kipi kinachofuata kimya chake. Ni B, ingawa wewe unapendekeza A. Kimya kisifuatwe na hatua inayotoa hela usiyo na ruhusa nayo, wala hatua isiyorudishika. Ukiwaweka wageni bustanini na bosi akaamka saa 4 akasema lipa, bado unaweza kuuliza kama vyumba vipo. Ukilipa dola 90 kisha akasema asingekubali, hela imeshatoka. Vilevile, kwa kuwa B haipendezi kwa wageni waliochoka, anayo sababu ya kujibu. Ingekuwa kimya chake kinaleta kile anachokitaka, asingejisumbua kuandika.

Tuje kwenye saa na siku, maana kwenye utalii hapa ndipo wageni wanapoachwa uwanjani. Tiketi inasema 07:30, wewe unasema saa 1:30, na dereva akiambiwa “saba na nusu” bila neno “asubuhi” anaweza kuelewa saa saba na nusu mchana. Andika zote mbili kama nilivyoweka hapo juu. “Kesho” nayo ni mtego. Ujumbe ulioandikwa Jumatano usiku ukisomwa Alhamisi alfajiri, kesho inakuwa Ijumaa. Kwa hiyo jina la siku lisikosekane.

Je, kwa nini usisubiri tu asubuhi? Mara nyingi hilo ndilo bora. Andika ujumbe wote, usiubonyeze, uache kwenye kisanduku cha mazungumzo yake ambako utabaki hadi urudi, weka kengele ya saa 12:30, kisha utume. Kwenye kesi hii ningeutuma usiku kwa sababu moja: wakala yuko Marekani, kwake ni mchana, na akikosa uhakika anaweza kumpigia bosi wako moja kwa moja. Ni afadhali bosi aamke akiwa na picha kamili kuliko kuulizwa habari ambayo hajaisikia. Kama sababu ya namna hiyo haipo, subiri. Kwa taarifa tu, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inahesabu usiku kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, hivyo 4:47 ni usiku wa sheria na wa desturi pia.

Ukituma ukagundua umekosea, mfano umeandika saa 1:30 jioni, WhatsApp inakuruhusu kurekebisha ujumbe ndani ya dakika 15. Rekebisha uleule, usitume wa pili wenye nyota, kwa sababu wa pili utalia tena. Ujumbe wa sauti usiku usiutumie kabisa. Huwezi kuusoma kwa jicho moja, na aliyelala na mwenzake au mtoto hawezi kuufungua.

Tiki nazo zisikusumbue. Moja ya kijivu ni kwamba ujumbe haujafika kwenye simu yake, pengine imezimwa au haina bando. Mbili za kijivu, umefika. Za bluu, mazungumzo yamefunguliwa, basi. Hazisemi kwamba amesoma akaelewa, na aliyezima taarifa za kusoma hazitageuka bluu kamwe. Kwa ujumbe wa asubuhi, bluu ya saa 5 usiku haikudai chochote.

Ikifika saa 1:30 asubuhi bila jibu, hapo unayo haki ya kupiga. Piga mara moja. Asipopokea, andika: “Mama, wageni wametua. Vyumba: A au B? Hoteli inaachia saa 2.” Ikipita saa 2, fanya B kama ulivyosema, na umwandikie kuwa umefanya.

Kuna jibu moja litakalokusumbua zaidi ya kimya, nalo ni “Sawa”, au kidole gumba. Sawa ipi? Umempa A na B, na sawa inaweza kuwa ya lolote. Usianze kubahatisha, na usimrudishie “sawa ipi mama?” kwa sababu inaonekana unamsahihisha. Mrudishie unachokwenda kufanya, na saa ya kukifanya: “Asante mama. Basi nalipia A, dola 90, saa 1:50.” Kama alikusudia B, atakurekebisha kabla ya dakika hiyo. Kama ni A, tayari unayo ruhusa ya maandishi ya kumwonyesha mhasibu.

Jambo la usiku kweli, yaani mgeni mgonjwa, gari limepinduka, mtu hajulikani alipo, halipitii WhatsApp. Hilo piga simu, mara mbili mfululizo ikibidi, halafu ndipo uandike mstari mmoja wa jambo lenyewe. Muulize bosi mchana, siku asiyo na pilikapilika, ni mambo gani anataka aamshwe kwayo. Mengi ya ofisi hayatakuwemo, na vyumba vya dola 45 ni mojawapo.