Programu imeondoka, folda imebaki: soma kabla ya kufuta

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya TEHAMA, nawapenda, lakini hili limezidi. Mtu anaondoa programu kwenye Windows, anaingia AppData, anaona folda yenye jina la programu ile, anafuta. Hajaifungua hata mara moja. Mimi naangalia haya kwanza.

1. Jua umesimama wapi. Bonyeza Windows na R, kisha andika mojawapo ya hizi:

```
%APPDATA%
%LOCALAPPDATA%
%PROGRAMDATA%
```

Ya kwanza inakupeleka Roaming, ambako programu nyingi huweka mipangilio na kazi ya mtumiaji. Ya pili ni Local, ambako kashe imejaa, ila msiseme Local yote ni takataka: ndani ya Local\Programs kuna programu zenyewe, VS Code mojawapo. Ya tatu ni ya watumiaji wote wa mashine.

2. Jina la folda halikwambii kilichomo. Hapa ndipo panaponiuma. Kijana mmoja hodari tuliyefanya naye kazi aliitwa na mhasibu ambaye Thunderbird yake ilikuwa inakwama. Akaamua kuiondoa na kuiweka upya. Kuondoa Thunderbird hakufuti profaili, na watengenezaji wamefanya hivyo kwa makusudi, ili ukiirudisha ukute barua zako. Yeye alitaka kuanza na ukurasa mweupe, akazifuta folda mbili za Thunderbird, ya Local na ya Roaming. Ya Local haikuwa na neno, ni kashe. Ya Roaming ilikuwa kubwa mno, Windows ikamwambia haiingii kwenye Recycle Bin, je, ifutwe moja kwa moja? Akabonyeza Yes.

Akaunti ya mhasibu ilikuwa ya POP3, imepangwa kuchukua barua na kutoacha nakala kwenye seva. Maana yake barua zote, pamoja na ankara za wateja, zilikuwa kwenye folda ile peke yake. Thunderbird mpya ikafunguka ikimwomba mhasibu aweke akaunti, kama mtu ambaye hajawahi kuitumia. Diski ilikuwa SSD, na SSD ikishaambiwa kuwa nafasi iko wazi huisafisha yenyewe, kwa hiyo programu za kurejesha faili hazikuokota chochote cha maana. Bakapu haikuwepo. Yule mama hakupiga kelele; alianza kupigia wateja wake simu, mmoja baada ya mwingine, kuwaomba wamtumie upya.

Kilichotakiwa ni dakika chache tu. Ingia Thunderbird\Profiles, fungua profaili, tazama folda mbili: ImapMail na Mail. Kilichomo ImapMail kwa kawaida ni nakala ya vilivyo kwenye seva. Mail ndiyo ya kuogopa. Ndani yake kuna Local Folders, ipo hata kwa mtu wa IMAP, na wengi huhamishia humo barua za zamani ili kupunguza mzigo kwenye seva. Ukikuta pia folda yenye jina la seva, hiyo ni POP. Faili inayoitwa Inbox isiyo na kiambishi chochote mwishoni ndiyo barua zenyewe, Inbox.msf ni faharasa tu, ikipotea hutengenezwa upya. Inbox ikiwa ya gigabaiti kadhaa, toa mkono, funga Thunderbird, nakili profaili nzima kwenye diski ya nje.

3. Msiamini tarehe ya folda. Date modified hubadilika kitu kinapoongezwa, kinapoondolewa au kinapobadilishwa jina moja kwa moja ndani yake. Faili iliyoandikwa leo ngazi tatu chini haiigusi. Folda inaweza kuonekana ya mwaka juzi kumbe inatumika kila asubuhi. Shukeni hadi kwenye faili.

4. Badilisha jina kabla ya kufuta. Ukishahakikisha kwa `winget list` na `appwiz.cpl` kwamba programu haipo, na kwamba hakuna programu nyingine ya kampuni hiyohiyo inayotumia folda ile, ongeza `_zamani` mwishoni mwa jina. Windows ikikataa kwa kuwa inatumika, umeshapata jibu. Ikikubali, washa mashine upya, mwache mwenye mashine afanye kazi zake wiki mbili. Folda ya jina la awali ikizuka tena, kuna kitu bado kinaihitaji, tafuta ni nini. Isipozuka na hakuna aliyelalamika, fungua ndani mara ya mwisho, muulize mwenye mashine, ndipo ufute.

5. `C:\ProgramData\Package Cache` na `C:\Windows\Installer` si mabaki, hata zikila nafasi kiasi gani. Humo mna visakinishi ambavyo Windows huvihitaji kurekebisha au kuondoa programu zilizopo. Mkivifuta, siku ya kuiondoa programu itawadai faili ambayo mmeitupa wenyewe.