Binti wa miaka 7 amerefuka ghafla: huenda si balehe

"Wakuu, binti yangu ana miaka 7. Gauni la shule la Januari limeshakuwa fupi, na kwapa limeanza kunuka akitoka kucheza. Shangazi yake anasema anabalehe. Inawezekana?"

Dada, kwangu ilianza hivyo hivyo kwa mwanangu wa kiume. Kati ya miaka 6 na 8 baadhi ya watoto hurefuka kwa kasi kidogo kwa miezi kadhaa, kisha mwendo unapoa. Si balehe. Umri huohuo tezi zilizo juu ya figo huanza kutoa homoni zake, na hizo ndizo huleta harufu ya kwapa na mafuta usoni. Wataalamu wengine wanasema homoni hizo ndizo zinazosukuma kimo, wengine wanabisha.

Mimi nilikuwa nampima ukutani kwa penseli kila siku ya kuzaliwa. Alipotimiza 6 alikuwa sentimita 114, alipotimiza 7 akawa 120.2, na alipotimiza 8 akafika 125.2. Yaani 6.2, kisha 5. Hapo huoni kitu. Bahati nzuri mama yake alikuwa akimpima katikati ya mwaka pia: 116.5 alipokuwa na miaka 6 na nusu. Kumbe nusu ya kwanza aliongeza 2.5, nusu ya pili 3.7! Kipimo cha mwaka kilikuwa kimezimeza zote mbili pamoja.

Na hata hiyo 3.7 ni rahisi kuikosa. Mtu hupungua karibu sentimita nzima kuanzia asubuhi hadi jioni, kwa hiyo ukimpima leo asubuhi na safari ijayo jioni umeshaharibu hesabu. Mpime asubuhi, peku, visigino vikiwa vimegusa ukuta, na kitabu kigumu juu ya kichwa.

Halafu kuna sisi wenyewe. Kadi ya kliniki huishia miaka 5, baada ya hapo hakuna anayempima. Sare tunanunua kubwa "atakua nayo", tunakunja pindo, tukiona imepanda tunafumua, basi. Ya kwako ilionekana kwa sababu labda ulinunua inayomtosha. Mwalimu naye anaona darasa zima likirefuka, kila mtoto kwa mwezi wake, na mwakani mtoto anapokewa na mwalimu mwingine. Atamlinganisha mtoto na wenzake, hawezi kumlinganisha na yeye mwenyewe wa miezi 6 iliyopita.

Kwa hiyo mpime sasa, urudie kila baada ya miezi 6. Kasi ikipoa, ndiyo hiyo. Ikizidi kupanda, mpeleke hospitali. Ila kabla ya yote mwangalie akioga: akiwa na kivimbe chini ya chuchu au nywele za siri kabla ya kutimiza 8, usisubiri hiyo miezi 6. Kwa wavulana mpaka ni miaka 9, na cha kuangalia kwanza ni korodani kama zimeongezeka ukubwa.